Usiandike Dawa Bila Sababu: Barua ya Mgonjwa wa Moyo Anayehamia Nchi ya Mbali

Barua nyingi za uhamisho zinazofika mezani kwangu zina majina ya dawa, zina majina ya magonjwa, na hazina sababu hata moja. "Valvu ya bandia. Warfarini 5 mg. Mzio: penisilini. Chanjo: kamili." Imegongwa muhuri, imesainiwa, basi. Aliyeiandika alikuwa anamfahamu mgonjwa wake vizuri, hilo silitilii shaka. Lakini aliyajua mengi kiasi kwamba hakuona haja ya kuyaandika, na sasa yuko nchi nyingine, saa zake za kazi ni saa zangu za kulala, na mgonjwa ameketi mbele yangu ananitazama.

Nafanya kazi kliniki ya moyo, na hizi barua naziandika na kuzipokea pia. Kwa anayeandika ya kwake kwa mara ya kwanza, au mgonjwa anayetaka kujua amwombe daktari wake nini, nitapitia barua moja mwanzo hadi mwisho. Ni ya mama mmoja wa miaka 49 aliyekuwa anahama moja kwa moja kuwafuata watoto wake. Nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha. Mambo ya kitabibu ni yale yale.

Utotoni aliugua homa ya rumatiki, ikamharibu valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Valvu ilizidi kusinyaa hadi akawa hawezi kupanda ngazi, na Machi 2014 akafanyiwa upasuaji na kuwekewa valvu ya chuma. Tangu siku hiyo anaishi kwa warfarini, dawa inayopunguza uwezo wa damu kuganda, kwa sababu damu ikikutana na valvu ya namna hiyo bila kinga huganda juu yake. Bonge likikaa pale huikwamisha valvu isifunguke; likichomoka hupanda ubongoni na kuleta kiharusi.

Kwa hiyo barua yake haikuanza na historia. Ilianza na mistari minne juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote:

> Ana valvu ya bandia ya chuma mahali pa mitrali (2014). Anatumia warfarini maisha yote; isikatizwe bila mpango. Lengo la INR ni 3.0 (kati ya 2.5 na 3.5), si 2 hadi 3. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda hazimfai, kwa sababu ya valvu ya chuma.

INR ni kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa hizi huwa karibu na 1. Shirika la Afya Duniani lilianzisha utaratibu huu mwaka 1983 kwa sababu maabara zilikuwa zinatumia kemikali tofauti na kupata majibu yasiyolingana kwa damu ile ile. Ndiyo maana hii ni namba ninayoweza kuipeleka popote bila kuifanyia hesabu. Sukari ya damu haina bahati hiyo. Nchi moja husoma 7, nyingine 126, na mtu ni yule yule, kwani vizio ni viwili na kimoja ni mara 18 ya kingine. Ukiandika namba ya sukari au ya figo, andika na kizio chake.

Lakini INR pekee haimwambii daktari mpya alenge wapi. Wagonjwa wengi wa warfarini atakaokuwa amewaona wana mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au waliwahi kupata damu iliyoganda mguuni, na kwao lengo huwa kati ya 2 na 3. Akimpima mama huyu akakuta 3.3, na barua haisemi kitu, atapunguza dozi kwa nia njema kabisa. Maneno "si 2 hadi 3" yamewekwa pale kwa ajili ya mkono huo unaotaka kupunguza.

Mstari wa mwisho nao una sababu yake. Siku hizi zipo dawa za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji kupimwa kila mara, na daktari yeyote anayemwonea huruma mgonjwa anayechomwa sindano kila mwezi atafikiria kumbadilishia. Kwa valvu za chuma jambo hilo lilijaribiwa. Utafiti wa dabigatrani kwa wagonjwa hao, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa dawa mpya walipata mabonge na kutokwa damu zaidi ya wale wa warfarini. Daktari wa moyo anajua hilo. Lakini mhamiaji hapokelewi na daktari wa moyo. Hupokelewa na daktari wa kawaida mwenye dakika chache na foleni nje ya mlango.

Baada ya mistari hiyo ndipo historia inaingia, na hapo mimi ni bahili. Sehemu iliyomstahili mama huyu ilikuwa aya moja: homa ya rumatiki utotoni, upasuaji Machi 2014, aina na saizi ya valvu, mapigo yasiyo na mpangilio tangu kabla ya upasuaji, hajawahi kupata kiharusi, hajawahi kulazwa kwa moyo tangu valvu iwekwe. Kadi ya valvu niliitoa nakala badala ya kunakili namba zake kwa mkono, maana namba ndefu zinazonakiliwa kwa mkono huwa zinapoteza tarakimu njiani. Tarehe zote niliandika mwezi kwa jina. "03/04" ni Aprili kwa mtu mmoja na Machi kwa mwingine, na wote wawili hawana shaka.

Kitu kimoja katika aya hiyo nilikipa nafasi kubwa kuliko vingine: kipimo chake cha mwisho cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Kila valvu ya bandia hubana kidogo, hata ikiwa nzima, na mashine husoma tofauti ya shinikizo kati ya upande mmoja na mwingine. Kwake wastani ulikuwa 4 mmHg, na ulikuwa hivyo kwa miaka. Namba hiyo peke yake haimtishi mtu. Thamani yake itaonekana siku atakapopimwa ugenini na kukutwa na 9. Daktari asiyekuwa na namba ya zamani atajiuliza kama hii ndiyo hali yake ya siku zote. Mwenye nayo atashuku mara moja kuwa kuna kitu kimeota au kimeganda kwenye valvu, na hatamwacha arudi nyumbani. Kwa hiyo niliandika: "4 mmHg, mapigo 72 kwa dakika, haijabadilika tangu 2015." Mapigo nayo lazima yatajwe, kwa sababu moyo ukienda mbio shinikizo hilo hupanda hata kama valvu haina tatizo.

Sasa tuje kwenye dawa.

Mgonjwa huyu, kama wengi, hakuwa anaijua warfarini yake kwa miligramu. Aliijua kwa rangi. "Kimoja cha pinki kila usiku, Jumatano na Jumapili naongeza nusu." Ukimuuliza ni miligramu ngapi, anakwambia, "Daktari, wewe si ndiye unajua?" Nyumbani kwake alikuwa sahihi kila siku. Lakini rangi za vidonge hivi hazina makubaliano ya dunia. Uingereza kidonge cha pinki ni miligramu 5. Marekani cha pinki ni miligramu 1, na cha miligramu 5 kina rangi ya pichi. Cha bluu ni miligramu 3 Uingereza, na miligramu 4 Marekani. Mtu anayeshuka kwenye ndege akaomba "vile vya pinki" anaweza kupewa sehemu moja ya tano ya dozi yake, akavimeza kwa uaminifu kila usiku, na ndani ya siku chache damu yake ikawa inaganda kama ya mtu asiyetumia dawa. Hatasikia dalili yoyote. Hakuna maumivu yanayotangaza kwamba INR imeshuka.

Kwa hiyo dozi niliiandika hivi:

> Warfarini: 5 mg kila jioni, isipokuwa Jumatano na Jumapili 7.5 mg. Jumla kwa wiki 40 mg. Anatumia vidonge vya 5 mg tu (kimoja, au kimoja na nusu). INR tatu za mwisho: 2.8, 3.1, 2.9.

Jumla ya wiki ndiyo namba ambayo daktari wa warfarini huitumia anapobadilisha dozi, na ndiyo inayoumbua makosa: ukijumlisha siku moja moja na usipate 40, basi kuna kitu kimenakiliwa vibaya. INR tatu zinazofuatana zinaonyesha kuwa dozi imetulia. INR moja haionyeshi hivyo, hata ikiwa nzuri, kwa sababu inaweza kuwa imepita hapo ikiwa njiani kupanda.

Dawa zake nyingine mbili zilikuwa rahisi. Bisoprololi 5 mg kila asubuhi, kupunguza kasi ya mapigo. Furosemaidi 40 mg kila asubuhi, kutoa maji. Kila moja ina neno la sababu mbele yake. Bila hilo, bisoprololi itadhaniwa ni ya presha, na siku presha yake ikiwa nzuri mtu ataifuta.

Majina ya dawa yaandikwe yale ya asili, si ya kibiashara, na yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye boksi. Jina la kibiashara linaweza kuwa halijulikani kabisa upande wa pili, au likawa la dawa nyingine. Hata majina ya asili yana vighairi vichache. Parasetamoli kwa Wamarekani ni asetaminofeni, na salbutamoli ni albuteroli. Ukijua mgonjwa anaelekea huko, andika yote mawili.

Kisha kuna orodha fupi ambayo barua nyingi hazina kabisa, nayo ni ya dawa zilizosimamishwa. Mama huyu aliwahi kupewa digoksini, ikasimamishwa mapigo yake yaliposhuka hadi 42. Aliwahi kupewa enalaprili, akakohoa kikohozi kikavu usiku na mchana hadi ilipoachwa. Mistari miwili tu. Lakini daktari mpya, akimwona mgonjwa wa moyo asiye na dawa hizo, atafikiri zimesahauliwa, na ataanza upya safari ambayo sisi tulishaimaliza.

Mzio ndio ulionichukulia muda mrefu kuliko sehemu zote.

Faili lake lilikuwa na maandishi mekundu juu: MZIO WA PENISILINI. Yalikuwapo kwenye kadi ya zamani, yakahamia kwenye faili, yakahamia kwenye kompyuta, na kila aliyeyanakili alimwamini aliyetangulia. Njia rahisi ilikuwa nami niyanakili. Lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa. Wagonjwa wa homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu au nne kwa miaka, ili homa isirudi. Mtu mwenye mzio wa penisilini alikuwa ameishije?

Nikamwomba anisimulie, na nikamuuliza maswali ambayo kila mzio unastahili kuulizwa. Dawa gani hasa? Ulikuwa na umri gani? Ilichukua muda gani baada ya dawa? Nini kilitokea mwilini? Walikufanyia nini? Na je, umewahi kuitumia tena?

"Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mbili," akasema. "Ile sindano inauma, daktari, acha. Nilisimama tu, jasho likanitoka, macho yakaingia giza, nikaanguka. Waliponilaza nikazinduka hapo hapo. Mama yangu akagoma nisichomwe tena."

Hakuvimba, hakutoka upele, hakubanwa na pumzi, hakutapika. Alizinduka kwa kulazwa tu. Huko ni kuzirai kwa maumivu na hofu, jambo linalowapata watu wengi wakichomwa sindano yoyote. Miaka michache baadaye alihamia kliniki nyingine ambako hakuna aliyeiona kadi ile, wakaanza kumchoma sindano za benzathini, na aliendelea nazo miaka mingi. Kabla ya kung'olewa jino alipewa amoksilini pia. Hakupata chochote. Neno "mzio" lilikuwa limekaa kwenye faili lile lile lenye orodha ya sindano za penisilini, kurasa chache tu katikati yao.

Kati ya watu wanaosema wana mzio wa penisilini, walio wengi sana wakipimwa hukutwa hawana. Kwa mtu mwingine kosa hilo lingekuwa usumbufu tu. Kwa mwenye valvu ya bandia ni zaidi ya hapo. Kila akienda kwa daktari wa meno kwa kazi inayogusa ufizi anatakiwa ameze amoksilini gramu 2, nusu saa hadi saa nzima kabla, ili bakteria wa mdomoni wasishike kwenye valvu. Na siku bakteria wakishika, dawa bora za kuwaua mara nyingi ziko katika ukoo huo huo wa penisilini. Ukimfungia mlango huo kwa sababu ya kuzirai miaka ya themanini, unamwachia dawa za daraja la pili, na baadhi yake zinavuruga warfarini.

Wakati maandishi mekundu yakipiga kelele bure, mzio wake wa kweli ulikuwa umeandikwa kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa ndani: "salfa, ngozi." Maneno mawili. Nilipomuuliza, akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alikuwa amepewa ko-trimoksazoli kwa maambukizi ya mkojo. Siku ya kumi akapata homa, macho yakawa mekundu yakiuma, mdomo ukajaa vidonda hadi akashindwa kumeza mate, kisha malengelenge kifuani na mgongoni, na ngozi ikavuka. Alilazwa wiki kadhaa. Hiyo ni sindromu ya Stivens-Jonsoni. Dawa iliyoileta haitakiwi kurudiwa hata mara moja, na wala hatakiwi kujaribiwa kwa kipimo cha kumpa kidogo kidogo, kama inavyoweza kufanyika kwa penisilini.

Hapa kuna mtego ambao sitaki mtu aupite. Ukiandika "mzio wa salfa" na kuishia hapo, kompyuta ya hospitali mpya itatafuta dawa zote zenye salfa ndani ya umbile lake, na furosemaidi ni mojawapo. Onyo litatokea kwenye skrini, na mfamasia mwangalifu ataisimamisha. Mgonjwa atajaa maji. Ukweli ni kwamba antibayotiki za salfa zina umbile ambalo dawa za maji hazina, na mtu kupata mzio wa hizo hakumaanishi kuwa atapata wa hizi. Yeye mwenyewe ndiye ushahidi, maana ameimeza furosemaidi zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo sehemu nzima ya mzio ikawa hivi:

> MZIO MKALI: ko-trimoksazoli, mwaka 2009. Siku ya 10: homa, vidonda vya macho na mdomo, ngozi kuvuka, alilazwa. Asipewe tena kamwe, wala antibayotiki nyingine ya salfa, wala dawa ya malaria yenye salfadoksini. Furosemaidi anaitumia tangu 2013 bila tatizo, iendelee.
>
> SI MZIO: penisilini. Alizirai baada ya sindano akiwa na miaka 12, bila upele, uvimbe wala kubanwa pumzi. Baadaye alichomwa benzathini penisilini kwa miaka na kumeza amoksilini bila tatizo. Anaweza kupewa.
>
> HAIMFAI: enalaprili (kikohozi).
>
> INAGONGANA NA WARFARINI: metronidazoli, mwaka 2022, INR ilipanda hadi 6.8, akatokwa damu puani. Ikilazimika, dozi ya warfarini ipunguzwe na INR ipimwe ndani ya siku 3 hadi 5.

Niliweka makundi manne kwa makusudi. Kwenye barua nyingi vyote hivi vinarundikwa chini ya neno mzio: kikohozi, kuharisha, kuzirai, ngozi kuvuka. Daktari anayepokea orodha ya dawa tano hana namna ya kujua ni ipi inaweza kuua. Atazikwepa zote sawa, au, siku amebanwa, atazipuuza zote sawa.

Kwa chanjo, neno ninalolichukia ni "kamili". Kamili kwa ratiba ya nani? Nchi moja humpa mtu mzima chanjo ya pepopunda kila miaka kumi. Nyingine huhesabu dozi tano za maisha na kuishia hapo. Anayepokea "kamili" hawezi kuilinganisha na ratiba yake, na kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni kwamba dozi isiyo na tarehe haihesabiwi. Kwa hiyo andika jina la ugonjwa, tarehe ya kila dozi, na namba ya toleo kama ipo.

Mama huyu alikuwa na tarehe za dozi tatu za homa ya ini B, za chanjo ya nimonia, za UVIKO-19, na ya mafua ya mwaka ule. Kadi yake ya utotoni ilipotea zamani. Kwa surua na rubela niliandika "hakuna kumbukumbu", si "hajachanjwa" wala "alichanjwa utotoni". Hizo ni hali tatu tofauti. Ya kwanza inampa daktari mpya uhuru wa kupima kinga kwenye damu au kumchanja tu, maana kurudia dozi ya surua hakumdhuru mtu aliyekwisha kuwa na kinga.

Kovu la BCG begani nililitaja. Akifika huenda akapimwa kifua kikuu, na kama watatumia kile kipimo cha kuchoma chini ya ngozi ya mkono, BCG inaweza kukifanya kivimbe ilhali hana ugonjwa. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG. Nikaongeza pia sentensi moja ambayo watu wa chanjo huifurahia: sindano za msuli anaweza kuchomwa akiwa kwenye warfarini, ilimradi INR haijavuka kiwango chake, kwa sindano nyembamba, na pahali pabanwe kwa dakika mbili bila kusugua.

Cheti cha homa ya manjano ni habari nyingine. Hicho ni hati ya mpakani, na barua yangu haiwezi kushika nafasi yake hata ningeiandika vizuri kiasi gani. Chake kilikuwa cha mwaka 2012, kimeandikwa kinaisha baada ya miaka kumi, na yeye alikuwa tayari kwenda kuchanjwa upya. Hakuhitaji. Tangu Julai 11, 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile cha zamani chenye tarehe ya mwisho. Nilimwambia akihifadhi pamoja na pasipoti, asikibandike kwenye barua.

Pasipoti ilituletea jambo jingine. Majina yake kwenye faili hayakufuatana kama kwenye pasipoti, na jina moja halikuwapo kabisa. Barua iliandikwa kwa majina ya pasipoti, na chini yake mstari: "kwenye vipimo vya zamani anaitwa pia…" Bila mstari huo ripoti ya upasuaji niliyoiambatisha ingeonekana ya mtu mwingine.

Barua haikufungwa kwenye bahasha. Tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari, na ni vizuri kwamba tulifanya hivyo, kwa sababu mgonjwa ndiye anayejua anameza nini. Nilimweleza kuwa akifika apime INR ndani ya wiki moja hadi mbili, asisubiri mwezi, kwa kuwa safari, chakula kipya na hata mafua ya njiani vinaisukuma. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake. Saa zikibadilika, aendelee kumeza jioni ya kule alipo. Saa chache za tofauti hazina neno, ila asimeze mara mbili kufidia. Awe na za kumtosha hadi baada ya miadi ya kwanza na ziada juu yake, kwani akikosa warfarini kwa siku tano hivi kinga inakuwa imekwisha.

Kisha safari ikaahirishwa. Viza ilichelewa, miezi ikapita, na katika kipimo kimoja INR yake ikawa 2.3. Tukampandisha hadi 42.5 mg kwa wiki, siku tatu za kidonge na nusu badala ya mbili, ikarudi 2.9. Barua iliyokuwa mkobani mwake bado ilikuwa inasema 40. Nilichapa nyingine yenye tarehe mpya, dozi mpya na INR mpya; historia, mzio na chanjo havikuguswa. Akaitoa ile ya zamani, na picha yake aliyokuwa amewatumia watoto kwa simu nikamwomba waifute na kupokea hii. Karatasi ya zamani tuliichana pale pale mezani, naye akauliza kama ahesabu vidonge upya. Ndiyo, tukavihesabu upya.